Jina na Namba kwenye Gari Linalokimbia

Ndani ya miji ya Tanzania dereva anaruhusiwa kwenda hadi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sasa mchukulie mtu aliyesimama kando ya barabara, mita kumi kutoka pale gari litakapopita. Ubavu wa gari anauona sawasawa kuanzia mita kumi hivi kabla halijamfikia mpaka mita kumi baada ya kumpita. Nje ya hapo ubavu unakaa mshazari mno machoni pake na herufi zinabanana. Jumla ni mita 20, na gari linazimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Katika sekunde hiyo moja na nusu mwenye biashara anataka mtu huyo asome jina la kampuni, bidhaa inayouzwa, kaulimbiu, namba mbili za simu, ukurasa wa mtandaoni na mahali duka lilipo. Namba moja tu ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi, na ukiitamka bila haraka utatumia sekunde tatu au nne. Hata kama herufi zingekuwa kubwa kama mlango, muda hautoshi. Hapo ndipo magari mengi ya kusambaza bidhaa hukosea, kabla hata rangi haijachaguliwa: mchoro unafanywa kana kwamba msomaji amesimama mbele ya gari lililoegeshwa, ametulia, ana dakika nzima ya kulikagua.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi stika ni nani atasoma upande upi, na kwa muda gani. Majibu yanatofautiana sana. Anayekuja kwa upande wa pili wa barabara huona uso wa gari, kisha ubavu wa kulia unampita kama upepo, maana mwendo wake na wa gari lako vinajumlishwa. Mwenda kwa miguu huona ubavu wa kushoto, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na upande huo ndio unaotazama njia ya miguu na vituo vya daladala. Lakini yule aliye nyuma yako kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au ya Morogoro hana pa kwenda. Gari lako na lake yanakwenda mwendo mmoja, kwa hiyo machoni pake gari lako limesimama hata kama nyote wawili mko kwenye kilomita 40 kwa saa. Anaweza kukaa na mlango wako wa nyuma kwa dakika kadhaa, akausoma mara tano, akaiandika namba gari linaposimama au akamwambia abiria wake aiandike.

Hapo ndipo ninapoweka msimamo ambao wateja wengi huukataa mwanzoni: namba ya simu ni mali ya nyuma ya gari. Mbavu ni za jina na bidhaa. Mtu aliyenasa jina na bidhaa kwa sekunde moja ataweza kuuliza, kutafuta kwenye simu, au kulitambua gari hilo litakapopita tena kesho. Mtu aliyenasa tarakimu sita kati ya kumi hana kitu chochote.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Kipimo kizuri cha kuanzia kinatoka kwenye sheria ya Uingereza. Huko, dereva lazima aweze kusoma namba ya gari kutoka mita 20 mchana, na herufi za kibao hicho zina kimo cha milimita 79. Kwa maneno mengine, macho dhaifu kuliko yote yanayoruhusiwa kushika usukani yanahitaji karibu milimita nne za kimo kwa kila mita ya umbali. Ni kanuni rahisi kuishika: mita kumi, sentimita nne, mita 30, sentimita 12. Lakini kumbuka kwamba kibao kile ni safi, herufi zake ni nyeusi juu ya rangi moja isiyo na picha, na msomaji ameambiwa asome. Barabarani hakuna aliyeombwa kusoma gari lako, na vumbi halijakuomba ruhusa. Kwa jina la biashara, chukua kimo hicho ulichopata kisha ukizidishe angalau mara mbili.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Tuseme mama mwenye tanuri la mikate Tabata ana Toyota Haisi nyeupe, ile ndefu ya kawaida yenye urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Kwenye karatasi za usajili biashara yake inaitwa Kampuni ya Mikate na Biashara za Jumla Ngano Tamu. Anataka jina lote likae ubavuni kwa mstari mmoja.

Ukiondoa mlango wa dereva na sehemu zinazopinda, ubavu wa Haisi unabakiza kama mita mbili na sentimita 60 za kuandika jina. Jina lake refu lina herufi na nafasi 49. Kwa mwandiko mnene wa kawaida, kila herufi pamoja na nafasi yake hula upana wa karibu asilimia 70 ya kimo chake. Fanya hesabu: kimo kinachowezekana ni sentimita saba na nusu hivi. Kwa kanuni yetu hiyo inasomeka hadi mita 19 tu, gari likiwa limesimama na safi. Akiwa barabarani, jina hilo linakuwa mstari wa kijivu.

Sasa aandike NGANO TAMU peke yake. Ni nafasi kumi. Herufi kubwa nene zina upana zaidi, tuseme asilimia 78 ya kimo kwa kila moja, na bado kimo cha sentimita 30 kinaingia kwenye mita mbili na sentimita 34. Kwa kanuni ile ile, herufi za sentimita 30 zinafika mita 75. Hata ukikata nusu kwa ajili ya vumbi, mwendo na msomaji asiye na habari, zinabaki mita 37, yaani upana wa barabara kubwa ya njia nne pamoja na njia zake za miguu. Chini ya jina, kwa sentimita 15, neno moja: MIKATE. Kando yake, TABATA. Ubavu umekwisha. Jina refu linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango wa dereva kama mwenyewe anataka lionekane gari linapoegeshwa.

Mama huyo atasema, "Fundi, mbona umeacha nafasi kubwa tupu hivi? Nimelipia gari zima." Jibu la kweli ni kwamba nafasi hiyo tupu inafanya kazi. Jicho hulitenga neno kwa kingo zake, na kingo zinahitaji utulivu pembeni. Ukijaza mikate, masuke ya ngano na mawingu nyuma ya herufi, jicho linatumia sehemu ya ile sekunde moja na nusu kuamua kipi ni herufi na kipi ni suke. Picha moja kubwa ya mkate upande wa nyuma wa ubavu, mbali na maneno, inatosha na inasaidia, maana picha hutambulika haraka kuliko neno. Tatizo ni picha iliyolala chini ya maneno.

Kuna jambo kuhusu mwendo ambalo wengi hulifikiria kinyume. Wanadhani msomaji muhimu ni yule aliye karibu, kwa hiyo wanapanga ukubwa wa herufi kwa ajili yake. Jicho la mtu hufuata kitu kinachokwenda kwa ulaini mpaka kasi ya nyuzi 30 hivi kwa sekunde. Kikizidi sana hapo, jicho haliwezi tena kutiririka nacho; linarukaruka kukifukuzia, na kila linaporuka haliwezi kusoma. Gari linalopita mita kumi mbele yako kwa kilomita 50 kwa saa huzunguka mbele ya macho yako kwa nyuzi 80 kwa sekunde linapokuwa mkabala nawe. Lile lile likipita mita 30 mbali, kasi yake machoni ni nyuzi 27 tu, na sehemu nzuri ya kusomea si mita 20 tena, ni mita 60, yaani zaidi ya sekunde nne. Msomaji wa kweli wa ubavu wako ni yule wa ng'ambo ya barabara, wa ghorofani, wa kituo cha mbali. Herufi zipimwe kwa mita 30. Aliye karibu atapata jina pale gari linapopunguza mwendo kwenye tuta au makutano, na kwa herufi kubwa hakosi kitu.

Mshazari nao una hesabu yake. Ubavu ukiwa umegeukia nyuzi 45 kutoka kwako, upana wa maneno hupungua hadi asilimia 70. Ukiwa umelala zaidi, umebaki nyuzi 30 tu, upana unakuwa nusu. Kimo hakibadiliki. Ndiyo maana miandiko myembamba iliyobanwa ili jina refu litoshe huwa ya kwanza kufa: herufi zilizokwisha kubanwa na mchoraji zinabanwa tena na barabara, na N na G na A zinashikana kuwa uzio. Chagua mwandiko mpana, ulio wima, wenye nafasi kubwa kidogo kati ya herufi kuliko unavyopenda kwenye skrini. Usilaze herufi ili zionekane zina kasi. Mwendo wa gari unatosha.

Kuhusu herufi kubwa au ndogo, wateja hubishana sana, na ubishi huo ulikwisha kupimwa. Uingereza ilipokuwa inapanga upya vibao vyake vya barabarani, kazi iliyofanywa na Jock Kinneir na Margaret Calvert na ambayo matokeo yake yalianza kutumika rasmi mwaka 1965, jaribio lilifanyika kwenye uwanja wa ndege wa Benson huko Oxfordshire. Watu walikaa jukwaani, na gari lenye vibao vya maneno juu yake likawa linaendeshwa kuwaelekea, wao wakisema ni lini wameweza kusoma. Tofauti kati ya maneno ya herufi kubwa tupu na yale yenye herufi kubwa mwanzoni ilikuwa ndogo sana. Kwa jina fupi kama Ngano Tamu, chagua unayoipenda. Pesa na ubishi vipeleke kwenye ukubwa, nafasi na rangi.

Rangi tuiongelee kwa kifupi, maana kanuni ni moja: herufi na uwanja wake vitofautiane kwa weupe na weusi, si kwa rangi tu. Nyekundu juu ya buluu zinatofautiana sana kwa rangi, lakini ukizipiga picha isiyo na rangi zinakuwa kijivu kimoja, na barabarani zinachezacheza machoni. Njano juu ya nyeupe haipo. Buluu iliyokoza au nyeusi juu ya nyeupe, nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya kijani kibichi kilichokoza, hizo zinasafiri mbali. Nyekundu ina udhaifu mwingine: katika jua letu wino mwekundu wa kuchapwa hufifia mapema kuliko buluu na nyeusi, na jina linageuka waridi wakati gari bado ni zima. Vivuli nyuma ya herufi, mistari ya dhahabu kuzizunguka na rangi inayobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini vyote hula tofauti hiyo ya weupe na weusi. Mwombe fundi akuonyeshe mchoro wako bila rangi kabisa kabla hujaukubali. Jina likizama, libadilishwe hapo hapo.

Haisi ya mama wa Tabata ni nyeupe tayari. Hilo ni bahati. Hana haja ya kulifunika gari zima. Herufi za buluu iliyokoza zikatwe na kubandikwa juu ya rangi ya gari lenyewe, na picha ya mkate ichapwe peke yake. Anaokoa fedha, na pia anajiepusha na shida ya kadi ya gari, kwa sababu rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi hiyo. Anayetaka kulifunika gari jeupe lote kwa rangi nyingine aulize kwanza TRA, kabla ya kulipa amana kwa fundi.

Twende nyuma sasa, maana huko ndiko simu inakopigwa.

Mlango wa nyuma wa Haisi ni mmoja, unafunguka kwenda juu. Upana unaofaa kuandikwa ni kama mita moja na sentimita 35. Namba yenye tarakimu kumi na nafasi mbili, kwa tarakimu nene za kawaida, inahitaji upana wa karibu mara nane ya kimo chake. Kwa hiyo kimo cha sentimita 15 kinaingia vizuri kwa mstari mmoja, na kwa kanuni yetu kinasomeka hadi mita 37. Aliye nyuma kwenye foleni yuko mita tatu hadi kumi. Kwenye mwendo yuko mita 20 au 30. Wote wanapata. Usiikate namba iwe mistari miwili ili uikuze zaidi. Anayekariri akiwa na usukani mkononi hupoteza mstari wa pili.

Namna ya kuigawa ina uzito kuliko ukubwa ukishapita kiasi hicho. Mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba vitu saba hivi, na kwamba mtu hubeba zaidi akivifunga katika mafungu. Tarakimu kumi zilizopangwa mfululizo ni vitu kumi. Zigawe 07XX 234 567 na zinakuwa mafungu matatu. Zaidi ya hapo, fungu la kwanza Mtanzania analijua tayari kwa sababu ni utambulisho wa mtandao wa simu, analitambua kama anavyotambua jina la mtaa. Kazi iliyobaki ni mafungu mawili ya tarakimu tatu tatu. Ukianza na +255 umemwongezea msomaji mzigo usio na faida, kwa sababu anayenunua mikate Tabata anapiga kutoka Dar es Salaam. Nafasi kati ya mafungu iwe pana kama nusu ya kimo cha tarakimu. Usitie nyota, vistari wala mabano.

Kama bado hujachapa chochote, jambo la busara kuliko yote ni kutafuta laini yenye mafungu mepesi, kama 07XX 200 300 au yenye tarakimu zinazojirudia. Mawakala wa simu huwa na laini za namna hiyo. Na iwe namba moja. Namba mbili zinamfanya msomaji achague, na akiwa anachagua taa zinawaka kijani.

Umbo la tarakimu lichunguzwe moja moja. Katika miandiko mingi 3, 6, 8 na 9 zinafanana zikitazamwa kutoka mbali, kwa sababu midomo yake imejikunja na kukaribia kufunga. Tafuta mwandiko ambao 3 na 6 zimefunguka, 1 ina pua na 7 haina mkunjo wa ajabu. Njia ya kujaribu ni rahisi: andika namba yako, ifanye iwe na ukungu kwenye kompyuta au irudi nyuma mpaka ikaribie kupotea, kisha mwulize mtu asiyeijua aisome. Akisema nane mahali pa tatu, badilisha mwandiko, si ukubwa.

Halafu kuna vumbi. Gari lenye mgongo uliosimama wima kama Haisi huacha nyuma yake hewa inayozunguka na kurudi, na hewa hiyo hubeba vumbi na matope ya magurudumu yake na kuyapaka kwenye mlango wa nyuma. Ndiyo maana nyuma huchafuka kuliko mbavu hata kwenye lami. Uchafu ni mzito zaidi karibu na bampa na hupungua kadiri unavyopanda. Namba iliyowekwa chini kabisa, pembeni ya kibao cha namba ya gari, itafutika katika siku chache za mvua au kiangazi. Ipandishe iwe chini tu ya kioo cha nyuma, ambapo pia ni karibu na usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Jina litaweza kukaa juu yake, kwenye kioo.

Kioo kina stika yake maalumu yenye matundu madogo, inayomruhusu dereva kuona nje huku aliye nje akiona picha. Inafaa kwa jina kubwa, haifai kwa namba. Matundu hayo huchukua sehemu kubwa ya eneo, na kila tundu linaonyesha giza la ndani ya gari. Rangi zote zinafifia na kingo za tarakimu zinakatikakatika. Namba iwe juu ya bati.

Jambo la mwisho la nyuma linasahaulika mpaka siku ya kwanza ya kazi. Mlango huo ukiinuliwa kushusha mikate, namba inatazama mbinguni. Kila dukani gari linaposimama kwa dakika kumi, likizungukwa na watu waliotulia ambao ndio wateja watarajiwa, namba haionekani. Kwa ajili yao tu, rudia namba kwa sentimita sita au saba kwenye mlango wa mbele wa abiria, unaotazama njia ya miguu. Haimsumbui msomaji wa mbali kwa sababu ni ndogo na iko mbali na jina. Hapo hapo ndipo mahali pekee pa msimbo wa QR kama unautaka: simu huusoma msimbo kutoka umbali wa karibu mara kumi ya upana wake, hivyo wa sentimita 15 unahitaji mtu aliye mita moja na nusu, amesimama, na gari limesimama.

Mlango wa kushoto wa kusukuma nao una mtego. Ukifunguliwa, unarudi nyuma na kufunika bati lililo nyuma yake, ukiwa umebeba maandishi yake. Kama neno limekatika katikati ya mlango na bati, gari lililosimama sokoni litasomeka kitu kingine kabisa, pengine kitu cha aibu. Kwa mama wa Tabata, NGANO ikae yote juu ya mlango na TAMU yote juu ya bati la nyuma, mpaka wa mlango upite kwenye nafasi kati ya maneno. Ikiwa NGANO haitoshi kwenye mlango kwa sentimita 30, punguza maneno yote mawili kidogo badala ya kuiruhusu O ivuke. Pima gari lenyewe kwa utepe, usitegemee mchoro wa kompyuta, maana mchoro mara nyingi hauonyeshi kitasa, mfereji wa reli ya mlango wala kifuniko cha mafuta. Tarakimu 8 ikiangukia kwenye mfereji wa reli inaweza kusomeka 0.

Kabla ya kuchapa, kuna jaribio linalogharimu karatasi moja, na sijaona jingine linalolizidi. Chapa ubavu wa gari kwa kipimo cha moja kwa 20. Haisi ya mita 4.7 inakuwa sentimita 23 na nusu, inatosha kwenye A4 iliyolazwa. Kwa kipimo hicho kila kitu kinapungua sawasawa: mita 30 zinakuwa mita moja na nusu, na kilomita 50 kwa saa zinakuwa karibu sentimita 70 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Mpe mtu karatasi aishike ubavuni mwake, apite mbele ya jirani asiyelijua jina la biashara, mita moja na nusu kutoka kwake, bila kusimama. Akishapita, mwulize jirani ameona nini. Rudia kwa umbali wa nusu mita, nawe utakuwa umempata yule aliyesimama mita kumi kutoka barabarani. Anayehitaji miwani ya kusomea aivae, kwa kuwa tunapima herufi, si macho ya karibu.

Matokeo huwa ya wazi. Herufi za sentimita 30 kwenye karatasi ni milimita 15, na jirani hulitaja jina bila kusita. Namba ya sentimita tano iliyowekwa ubavuni inakuwa milimita mbili na nusu, kama maandishi ya kitabu yanayotembea mbele yako. Hakuna mwenye biashara anayeendelea kuitetea akishaliona hilo kwa macho yake. Kwa nyuma ya gari, chapa mlango wa nyuma kwa kipimo hicho hicho, uning'inize ukutani bila kuutembeza, usimame mita moja, yaani mita 20 za barabarani, uutazame kwa sekunde tano, geuka, kisha uandike namba.

Kuhusu stika yenyewe, uliza jambo moja: je, ni ile nyembamba inayomiminwa ikiwa majimaji, au ile iliyoshindiliwa kwa roli? Ya kwanza ni ghali zaidi lakini hukubali mikunjo na mifereji ya bati bila kurudi. Ya pili hujivuta taratibu ikipigwa na jua, hubanduka kwenye mifereji na kingo, na tarakimu iliyobanduka nusu ni namba ya mtu mwingine. Kwa herufi zilizokatwa na kubandikwa kwenye bati tambarare, ya pili inaweza kutosha. Kwa picha inayopita juu ya mifereji, lipa ya kwanza.

Na kama unataka kujua iwapo gari lako linasomeka, usitumie laini unayoitumia kila siku. Sajili laini nyingine, iandike kwenye gari peke yake, usiichapishe popote pengine. Kila simu itakayoingia kwenye laini hiyo imetoka barabarani. Isipolia kwa miezi miwili gari likizunguka kila siku, rudi kwa fundi na ile karatasi ya A4.